Kingo hazidanganyi ila bakgraundi nyeupe inadanganya: nilivyopima programu za bure za kukata picha

Mama mmoja anauza vikapu vya ukindu pale soko la Majengo, ndo alinifanya nianze hii kazi yote. Nilimpigia picha vikapu vyake kumi na mbili, nikavikata kwa programu ya bure, nikaviweka kwenye bakgraundi nyeupe na vikapendeza kweli, nikamtumia kwenye simu. Wiki iliyofuata akawa anataka bango la maonyesho na akasema liwe na rangi ya udongo wetu huu mwekundu, basi nikachukua zilezile picha nilizokata nikazipandisha juu ya wekundu na kumpelekea.

Nikaenda sokoni kumwona, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba huku anaangalia simu kwa karibu sana, akasema, "Mwanangu, mbona kikapu changu kimeota ukungu pembeni? Na hapa kwenye mkono kumezibwa, hiki mimi nimekisuka na matundu."

Nikaangalia. Alikuwa sahihi. Kila kikapu kilikuwa na mstari mweupe mwembamba umekizunguka, na mkono wa kikapu ambao una matundu madogo madogo ulikuwa umejaa rangi ya ukuta wa nyumbani kwangu Nkuhungu nilipopigia picha. Hayo makosa yalikuwepo tangu siku ya kwanza, ila kwenye nyeupe hayakuonekana kwa sababu ukuta wangu ni mweupe na bakgraundi niliyoweka ni nyeupe, rangi mbili zinazofanana zimefichana.

Kuanzia pale nikaamua nisichague tena programu kwa kuangalia tu ipi imetoa picha nzuri. Nikatengeneza picha chache za majaribio na utaratibu wa kuzihukumu, na ndo ninachotaka kueleza hapa, maana watu wengi naona mtandaoni wanalinganisha programu hizi kwa picha moja ya msichana mrembo mbele ya ukuta safi, halafu wanatoa mshindi. Picha ile kila programu inaiweza.

Picha zangu za majaribio ni tano na zote nimepiga hapa Dodoma. Ya kwanza ni kikapu chenye matundu. Ya pili ni nywele, afro. Ya tatu ni mtu wa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, yaani mpaka upo ila rangi hazitofautiani. Ya nne ni kuku wa kienyeji kasimama kwenye vumbi, manyoya yake ya mkiani yanafanana na ardhi. Ya tano ni glasi ya mvinyo wa zabibu wa hapa kwetu. Kila moja inauliza swali moja tu, na hilo ni muhimu, kwa sababu ukiweka picha yenye kila kitu (mtu mwenye afro kashika glasi karibu na baiskeli) na programu ikafeli hutajua imefeli wapi. Sitaelezea zote tano kwa urefu, nitakaa na kikapu na nywele maana ndo zimenifundisha.

Programu niliyoitumia zaidi kulinganisha ni `rembg`, ni ya bure kabisa, inakaa kwenye laptopu na haitumi picha ya mteja popote. Uzuri wake ni kwamba ndani yake unachagua modeli, yaani ule ubongo unaoamua nini kikatwe, kwa hiyo unalinganisha modeli kwa modeli wakati kila kitu kingine kinabaki vilevile. Unaandika hivi:

```
pip install "rembg[cpu,cli]"
rembg i -m u2net kikapu.png k1.png
rembg i -m isnet-general-use kikapu.png k2.png
rembg i -m isnet-general-use -a kikapu.png k3.png
```

Mara ya kwanza inashusha faili la modeli, `u2net` ni kama MB 176, hivyo angalia bando. Kuna ndogo inaitwa `u2netp` ambayo haifiki MB 5, na kuna `birefnet-general` ambayo inakaribia GB 1 na kwenye laptopu isiyo na kadi ya michoro inakwenda taratibu sana. Nikaongeza na huduma za mtandaoni za bure, na hapo ndo kuna jambo la haki la kwanza ambalo watu wanaliruka. Mfano remove.bg ukishusha bure inakupa picha ya pikseli laki mbili na nusu tu, yaani kama 625 kwa 400. Sasa ukiweka hiyo pembeni ya picha ya pikseli milioni mbili na kuzumu, ile ndogo itaonekana ina kingo mbaya wakati pengine imekata vizuri sana kwa ukubwa wake. Na ukiangalia zote zikiwa ndogo kwenye skrini ya simu, ile ndogo itaonekana safi kuliko zingine. Mi natenganisha maswali mawili. Swali la kwanza, nani anajua kukata: hapo napunguza zote ziwe na ukubwa wa ile ndogo kuliko zote, ndo nalinganisha. Swali la pili, nani ananipa kitu nachoweza kuchapisha: hapo kila mmoja anahukumiwa kwa alichokitoa, na ile ya pikseli laki mbili na nusu kwa bango haifai hata kama imekata kwa ustadi gani.

Turudi kwenye kikapu. Nilipoendesha `u2net` matundu ya mkononi yalizibwa yote, nikajua hii ndo ileile kasoro aliyoiona mama. Sababu yake ukiijua hutashangaa tena. Hii modeli haioni picha yako kwa ukubwa wake, inaipunguza kwanza iwe 320 kwa 320, inachora kinyago chake hapo, yaani picha ya nyeusi na nyeupe inayosema wapi pabaki na wapi paondoke, halafu kinyago kinavutwa kurudi kwenye ukubwa wa picha. Picha yangu ilikuwa 1200 kwa 1600. Gawanya: pikseli moja ya kinyago inafunika karibu pikseli 4 za upana na 5 za urefu wa picha halisi. Tundu la kikapu changu lilikuwa na pikseli kama 4 tu. Hilo tundu kwa modeli halipo kabisa, limemezwa kabla hata haijaanza kufikiria. `isnet-general-use` inapunguza hadi 1024 kwa 1024, kwa hiyo pikseli moja ya kinyago ni kama pikseli moja na nusu tu ya picha, na kweli matundu mengi yakafunguka. Kumbe nilikuwa nailaumu modeli kwa upofu ambao dawa yake nusu ilikuwa mikononi mwangu: nikikata picha nikabaki na eneo la mkono peke yake na kulipeleka lenyewe kwa `u2net`, tundu linakuwa kubwa kwenye ile 320 na linaonekana.

Kwa hiyo kwenye kulinganisha, jinsi kitu kilivyojaa kwenye fremu inabadilisha matokeo. Ukimpa mmoja picha ambayo kikapu kimejaa na mwingine picha ambayo kikapu kiko mbali katikati ya uwanja, umeshaamua mshindi mwenyewe. Faili lileile, PNG ileile, bila kulipitisha WhatsApp maana ikishapita kule inabanwa na kingo zinapata madoa madoa yake.

Sasa ule ukungu mweupe. Huu ni tofauti na matundu na ndo kitu ambacho wengi wanakichanganya. Pikseli ya ukingoni mara nyingi sio ya kikapu wala sio ya ukuta, ni mchanganyiko, kamera imechukua ukindu kidogo na ukuta kidogo ikaweka rangi moja. Programu ikikata, inatoa kiwango cha uwazi cha ile pikseli, tuseme nusu, na hapo inaweza ikawa sahihi kabisa. Ila rangi iliyoko kwenye pikseli bado ni ile ya mchanganyiko, ina weupe wa ukuta ndani yake. Ukiiweka juu ya udongo mwekundu ule weupe unaibuka. `rembg` ikienda kawaida inazifunika tu rangi za picha yako na kinyago, haisafishi rangi. Ukiongeza `-a` ndo inakadiria upya uwazi wa ukingoni na pia inakadiria rangi ya kitu chenyewe bila ukuta. Kwa hiyo programu mbili zinaweza kuwa na kinyago kilekile, moja ikaonekana chafu na nyingine safi, na ukihukumu kwa macho tu utasema ya pili inajua kukata zaidi. Inajua kusafisha rangi. Kukata wako sawa.

Ndo maana naangalia vitu viwili mbalimbali. Kwanza kinyago peke yake, nyeusi na nyeupe, kisha kitu kilichokatwa juu ya rangi tatu: nyeusi, pinki kali ambayo haipo kwenye picha yoyote, na ile rangi ambayo mteja ataitumia kweli. Hapa natumia ImageMagick, programu nyingine ya bure:

```
magick k2.png -alpha extract kinyago.png
magick k2.png -background "#ff00ff" -flatten pinki.png
```

Kwenye pinki ukungu wa ukuta mweupe unaonekana kama uzi wa maziwa, na mabaki ya kivuli yanaonekana kama doa la kijivu. Kama picha ya asili ilikuwa na bakgraundi nyeusi, basi hapo nyeusi ndo inaficha na nyeupe ndo inafichua. Usihukumu juu ya rangi inayofanana na ile uliyokatia.

Sio kwamba `-a` inamaliza kila kitu. Inafanya kazi kwa kula kinyago pembeni, kwa kawaida kwa dirisha la pikseli 10, yaani kama 5 kila upande, ile sehemu iliyoliwa inaiita haijulikani na inaikisia upya kwa kuangalia rangi za jirani. Kwenye nywele mbele ya ukuta mtupu inapendeza mno. Kwenye mkono wa kikapu ambao msuko wenyewe una pikseli 6 au 7 za unene, ukila kama 5 kila upande umekula msuko wote, hakuna kilichobaki cha uhakika cha kukisia nacho, na mkono ukatoka kama umetafunwa na mchwa. Nikaandika pembeni: `-a` kwa nywele ndiyo, kwa kikapu hapana. Unaweza kupunguza hiyo 10 kwa `-ae 3`, kwa kikapu changu ikasaidia ila haikuwa nzuri kama kuiacha bila `-a` halafu kusafisha rangi kwa mkono.

Nikafika kwenye nywele na hapa macho yangu yakaanza kunisaliti. Afro kila programu inatoa kitu tofauti na zote zinaonekana nzuri kwa namna yake, moja laini, moja imenyooka, moja ina nywele moja moja zimetoka nje. Ipi ni ya kweli? Hujui, maana huna nywele za kweli za kulinganisha nazo. Nywele moja moja zinazoonekana za kupendeza zinaweza kuwa ni majani ya mti wa nyuma.

Kuna njia ya zamani ya watu wa filamu, Smith na Blinn waliiandika mwaka 1996, unapiga kitu kilekile mbele ya bakgraundi mbili zinazojulikana na hesabu inakupa uwazi halisi wa kila pikseli. Wazo lake ni jepesi. Pale ambapo kitu kimeziba kabisa, rangi haibadiliki ukibadilisha kitambaa cha nyuma. Pale palipo wazi kabisa, inabadilika yote. Pale penye nywele inabadilika kiasi, na hicho kiasi ndo uwazi.

Shida, mtu hawezi kukaa bila kutikisika hata nywele moja kati ya picha mbili. Nikaenda kwa dada mmoja mwenye saluni jirani yangu nikaazima wigi ya afro na kile kichwa cha plastiki. Nikafunga milango na madirisha maana upepo wa Dodoma wa mwezi wa 8 unapenya popote. Simu kwenye stendi, programu ya kamera ya Open Camera ikiwa kwenye hali ya kuweka mwenyewe: ISO, kasi, fokasi na mizani ya rangi nyeupe vyote vimefungwa, HDR imezimwa, na napiga kwa kuhesabu sekunde ili nisiiguse. Picha nne: wigi mbele ya shuka jeupe, shuka jeupe tupu, wigi mbele ya kitambaa cheusi, kitambaa cheusi tupu. Kitambaa kiwe mbali na kichwa, mi niliweka mita moja na nusu, kikiwa karibu mwanga wa shuka jeupe unarudi kwenye nywele na hesabu inadhani nywele ni wazi kumbe zimeng'aa tu. Hesabu yenyewe kwa Python ni hii:

```python
import numpy as np
from PIL import Image
def soma(f):
    p = Image.open(f).convert("RGB")
    return (np.asarray(p) / 255.0) ** 2.2

w, b = soma("wigi_nyeupe.png"), soma("wigi_nyeusi.png")
w0, b0 = soma("tupu_nyeupe.png"), soma("tupu_nyeusi.png")
a = 1 - (w - b).mean(2) / (w0 - b0).mean(2)
a = a.clip(0, 1)[..., None]
mpya = (b - (1 - a) * b0 + (1 - a) * soma("mtaa.png")).clip(0, 1)
```

Ile 2.2 ni kurudisha picha kwenye mwanga wa kawaida, maana faili la picha limekunjwa na bila kulikunjua uwazi wa nusu hautoki nusu. Mstari wa mwisho unachukua wigi na kuipandisha juu ya picha ya mtaa, mi nilitumia barabara ya vumbi yenye mbuyu na matawi yake makavu nyuma, nikahifadhi baada ya kuikunja tena kwa `** (1 / 2.2)`. Sasa nina picha ngumu yenye nywele mbele ya matawi na jibu lake nalijua pikseli kwa pikseli.

Kabla ya kuitumia angalia kinyago chako kama kimekubali: katikati ya uso wa plastiki lazima iwe nyeupe tupu na kona za picha ziwe nyeusi tupu. Mara yangu ya kwanza uso ulikuwa wa kijivu, nikagundua wingu lilipita dirishani kati ya picha mbili, mwanga ukabadilika. Nikarudia usiku kwa taa ya balbu moja.

Kisha kupima. Hapa kuna mtego mwingine. Ukipima picha nzima kila programu inapata alama za juu na tofauti zinapotea. Chukua picha yangu ya 1200 kwa 1600, ni pikseli 1,920,000. Mzunguko wa kitu tuseme una urefu wa pikseli 4,000 na ukingo ni ukanda wa pikseli 5, jumla pikseli 20,000, yaani asilimia moja tu ya picha. Programu inayoharibu ukingo wote bila kuacha hata kipande bado itapata asilimia 99. Kwa hiyo pima ukanda peke yake:

```python
from scipy.ndimage import binary_dilation
m = np.asarray(Image.open("kinyago.png").convert("L")) / 255.0
u = (a[..., 0] > 0.02) & (a[..., 0] < 0.98)
u = binary_dilation(u, iterations=5)
print(abs(m - a[..., 0])[u].mean())
```

Ikitoka 0.10 maana yake pikseli ya ukingoni kwa wastani imekosewa uwazi kwa sehemu moja ya kumi. Kuupanua ukanda kwa pikseli 5 ni ili programu iliyobakisha tawi la mbuyu nje kidogo ya nywele nayo ihesabiwe kosa.

Kwangu `birefnet-general` ilikosea kidogo kuliko zote kwenye wigi, ikafuatiwa na `isnet`, na `u2net` ikawa mwisho. Nilichokuwa sikitarajii ni `isnet` yenye `-a`: kwa macho ndo niliipenda, nywele zimechambuka, ila kipimo kikasema imezidi kukosea kuliko ile isiyo na `-a`. Nikazumu, kumbe imeyachukua matawi ya mbuyu ikayafanya nywele, kahawia kwa kahawia. Nikabadilisha nyuma nikaweka anga tupu, `-a` ikapanda ikawa nzuri. Tabia hiyo singeiona kwa picha ya msichana mbele ya ukuta.

Kipimo nacho kina mipaka yake. Picha ya kuunganisha haina ule ukungu wa pamoja wa lenzi, na mwanga wa wigi hautokani na ule mtaa, kwa hiyo sichukulii namba kama neno la mwisho, namalizia kwa macho. Na macho nayo nayawekea utaratibu: kabla ya kuendesha programu yoyote nachagua sehemu tatu za picha nitakazoangalia, naziandika, halafu mdogo wangu anabadilisha majina ya mafaili yawe A, B, C bila kuniambia. Mara mbili nimeipa alama za juu ile niliyokuwa naiponda.

Glasi ya mvinyo ndo imebaki. Zote zimefeli, kila moja kivyake, nyingine inaifanya glasi ukuta mzima, nyingine inaitoboa katikati. Kinyago kinabeba namba moja tu kwa kila pikseli, kiasi gani imeziba, na glasi haizibi, inapinda kilichoko nyuma yake, kwa hiyo hata kinyago sahihi kabisa kitabaki kinaonyesha ukuta wangu uliopinda ndani ya glasi. Wateja wa mvinyo siku hizi nawauliza rangi ya bango kwanza, nanunua manila ya rangi hiyo, na glasi naipiga hapohapo mbele yake. Vikapu vya yule mama nilivikata upya kwa `isnet-general-use` bila `-a`, mkono nikaukata kipande chake peke yake, rangi za ukingoni nikazisafisha kwa brashi, na akaitafuta ile mikono yenye matundu kikapu kimoja baada ya kingine kwenye simu mpaka vikaisha vyote kumi na mbili, ndo akasema haya, chapisha.